Sitini ya Chaki

Jumatatu ya tarehe tisa, mwezi wa sita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndipo mambo yote yalipoharibika, na hapakuwa na moshi, wala mlio, wala mtu aliyekimbia. Palikuwa na kalamu tu. Mkandarasi aliitoa mfukoni mwa shati, akamnyooshea fundi wa makao ya wazee, na fundi akafuta vidole kwenye suruali, akaipokea, akasaini. Toka saini hiyo mpaka siku aliyomzika mkewe zilipita siku arobaini na tatu. Amezihesabu mara nyingi. Mtu aliyebaki peke yake nyumbani hukosa vya kuhesabu, akaishia kuhesabu siku.

Makao yenyewe yalikuwa jengo la ghorofa moja lenye wazee ishirini na wawili, baraza refu la saruji, na nyuma yake chumba cha pampu kisicho na dirisha. Humo ndani lilisimama tangi la maji ya moto la lita mia tano, limevikwa blanketi la bati na sufi. Fundi ndiye aliyelitunza kwa miaka kumi na saba. Wazee walimwita Chaki, kwa kuwa kila alichotaka kukumbuka alikiandika kwa chaki palepale alipokuwa: kwenye mlango, kwenye bomba, mpaka kwenye mgongo wa tangi. Shule aliiacha darasa la nne. Lakini yule mzee aliyemfundisha kazi ya mabomba alimwachia kanuni moja, na Chaki aliishika kama wengine wanavyoshika sala: lita zidisha kwa nyuzi unazotaka kupandisha, gawa kwa mia nane na sitini, umepata yuniti za umeme, yuniti gawa kwa kilowati za koili inayopasha maji, umepata saa. Kwa nini mia nane na sitini, hakujua. Alijua tu kwamba haijawahi kumwongopea.

Zamani tangi lilikuwa huru. Kidhibiti joto kilitegwa nyuzi sitini. Maji yakipoa koili zinawaka, yakifika sitini zinazimika zenyewe, mchana na usiku. Kisha bodi ikaletewa bili ya umeme. Bodi ilikuwa watu saba waliokuja mara moja kila miezi mitatu, wakanywa chai, wakauliza choo kiko wapi, wakaondoka. Mara hii waliondoka wameacha agizo: koili za zamani, ambazo mojawapo ilikuwa imekufa kwa magadi, zibadilishwe zote, na tangi lifungiwe taima, liwake kwa saa maalumu tu. Mkandarasi wakamtafuta wao wenyewe. Chaki hakuulizwa kama anamjua. Mkubwa akishapata mtu wake, wewe mdogo unabaki kushika tochi.

Na kweli tochi aliishika. Mkandarasi alikuwa kijana mwenye viatu safi mno kwa kazi ile, akimwita Chaki "mzee wangu" kila baada ya sentensi. Akaingiza fungu jipya la koili tatu chini ya tangi. Akang'oa kipimajoto cha zamani, kile cha mshale, kwa kuwa tundu lake lilikuwa linavuja, akapiga kizibo cha shaba mahali pake. Chaki alipouliza kipimajoto kipya kiko wapi akaambiwa hakimo kwenye mkataba, kitaombwa. Akafunga breka mpya ukutani, ile swichi inayojikata umeme ukizidi. Akaiwasha, ikakaa kidogo, ikaruka. Akaiwasha tena, ikaruka tena. Akakuna kichwa, akamtuma Chaki akamletee ngazi kutoka stoo ya mbele, na Chaki alipofika na ngazi begani, kifuniko cha koili kilikuwa kimeshafungwa, breka imetulia tuli, na mkandarasi anapangusa mikono.

"Tayari, mzee wangu. Ilikuwa waya tu umelegea."

Hapo akaingia Msimamizi wa makao, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akamwuliza Chaki mbele ya mkandarasi: maji haya yanahitaji saa ngapi? Haikuwa kawaida Chaki kuulizwa neno na mtu mwenye ofisi. Akainama akasoma kibandiko kwenye kifuniko: kilowati tisa. Akachukua chaki. Maji ya bomba msimu ule wa baridi yalikuwa nyuzi ishirini, ya kuoga na kufulia yanatakiwa sitini, kupanda ni arobaini. Akaandika kwenye bati la tangi, kwa tarakimu kubwa ili waone: mia tano mara arobaini ni elfu ishirini, gawa kwa mia nane na sitini, yuniti ishirini na tatu na kidogo, gawa kwa tisa, saa mbili na nusu na dakika chache. Chini akaandika SAA 3 = 60, akapiga mstari.

Msimamizi akafurahi. Akasema laiti wote wangekuwa wanajua hesabu kama fundi wetu. Taima ikategwa, saa tisa usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, ikawekwa ndani ya kisanduku cha chuma, kisanduku kikafungwa, ufunguo ukaungana na wenzake kiunoni. Kisha mkandarasi akatoa karatasi. Ilisema kazi imepimwa na kukaguliwa, koili ni kilowati tisa, maji yanafika nyuzi sitini. Na pale palipoandikwa Fundi wa Makao, Chaki akasaini. Kwa jinsi alivyokuwa amesifiwa asubuhi hiyo, angeletewa hata karatasi ya kuuza figo angesaini.

Sasa mkewe.

Mkewe watu walimwita Mama Pacha, na yeye alimwita Chaki Baba Pacha, ingawa pacha wenyewe walikuwa watu wazima walioolewa mbali. Alifanya kazi palepale makao, mwogeshaji. Kila siku kuanzia saa moja asubuhi alikuwa bafuni, aproni ya plastiki mwilini, wazee wanaletwa mmoja mmoja kwenye kiti cha magurudumu, anawasimamisha au anawakalisha chini ya bomba la mvua, anawasugua migongo huku akiwatania. Kumi au kumi na mmoja kwa siku. Chumba kidogo, dirisha bovu, matone yanaruka mpaka usoni. Na kifua chake hakikuwa cha kutegemea. Pumu alizaliwa nayo, na moshi wa mkaa ukaiongezea.

Wiki ile ya kwanza tu alirudi nyumbani na maneno.

"Baba Pacha, maji yako siku hizi yana nini? Yamepoa kama mapenzi ya mzee."

Chaki akajibu kwamba maji yake ni sitini, hesabu ipo kwenye tangi, asiyeamini akasome. Labda bomba ni refu, joto linapotea njiani. Labda dobi anafungulia maji mapema. Mama Pacha akasema dobi naye analalamika, kwamba lita mia tano ambazo zamani zilifika jioni sasa zinakwisha kabla ya saa nne asubuhi.

"Mimi bomba la baridi sijaligusa wiki nzima," akasema. "Nafungua la moto peke yake, namwogesha mtu, na hata halalamiki kuungua."

Mtu mwingine yeyote, kwa maneno hayo, angesimama. Maji ya nyuzi sitini yanambabua mzee ngozi. Bila kuchanganya na baridi hayaogeki. Na ndiyo maana zamani tangi lilitosha mpaka jioni, kwa kuwa kila ndoo ya moto ilizaa ndoo mbili. Yote hayo Chaki aliyajua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Lakini siku hiyo alikuwa bado anasikia sauti ya Msimamizi ikimsifu, na kelele za mkewe alizizoea miaka thelathini na miwili. Akamwambia wazee wamezoea. Akageuza chai kwenye bakuli ipoe.

Wiki ya tatu muuguzi wa makao alileta kipimajoto chake cha kwapani, akakitumbukiza kwenye ndoo. Kikasoma thelathini na tano nukta nne. Muuguzi akatangaza kwamba mgonjwa hana homa, wanaweza kumruhusu aende nyumbani, na bafu zima likacheka. Chaki naye alicheka. Akasema kipimo cha kwapa ni cha kwapa, na maji yale yameshachanganywa. Mama Pacha hakucheka. Alilowesha kitambaa, akarudi kwenye mgongo wa mzee.

Palikuwa na mtu mmoja zaidi aliyesema kitu. Alikuwa mzee wa chumba cha mwisho, mwalimu wa hesabu mstaafu, miguu imekufa lakini ulimi mzima. Alimwomba Chaki amsukume mpaka chumba cha pampu akaone hiyo hesabu inayosifiwa. Akaisoma kutoka kwenye kiti chake, midomo ikicheza. Akaeleza kile ambacho Chaki hakuwahi kuelezwa: kwamba yuniti moja ya umeme ina joto la kupandisha lita mia nane na sitini kwa nyuzi moja, basi, hakuna uganga mwingine. Hesabu, akasema, haina kosa, ampe alama zote.

"Hiyo tisa umeipata wapi?"

"Imeandikwa kwenye kibandiko, Mwalimu."

Mwalimu akaguna. Akasema na yeye shuleni alikuwa na kibandiko mlangoni, Mwalimu Mkuu, kwa miaka sita, na mshahara wa mwalimu wa kawaida. Chaki akamsukuma arudi chumbani.

Mita ya kubana waya, ambayo ingemwambia palepale ni umeme kiasi gani unaingia kwenye koili, ilikuwa imekufa betri tangu mwaka uliopita. Aliomba betri mara tatu kwa maandishi. Hilo ni kweli, na atalisema mpaka kaburini. Bodi iliweza kununua kisanduku cha chuma cha kufungia taima, lakini betri ya saizi ya kidole ilisubiri bajeti.

Mwezi huo wazee wawili walikufa, mmoja baada ya mwingine, kwa kikohozi na homa. Walikuwa na miaka themanini na kitu. Watu wakasema ni uzee. Nani humwuliza mzee kwa nini amekufa?

Tarehe kumi ya mwezi wa saba, Alhamisi, Mama Pacha akaanza kukohoa. Ijumaa akaenda kazini na homa, kwa kuwa hakukuwa na wa kumshikia zamu. Jumapili akawa anatetemeka kitanda kinagonga ukuta, anaita majina ya pacha na kuwachanganya. Jumatatu Chaki akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mpole. Alimpima mgonjwa kifua, akakitazama kwenye picha, akasema ni nimonia na ni kubwa. Kisha akaanza maswali kutoka kwenye fomu: mgonjwa amesafiri? Anafuga ndege? Anafanya kazi gani? Aliposikia anaogesha wazee, kalamu ikasimama.

"Maji ya moto ya huko huwa yanatunzwa nyuzi ngapi?"

Mama Pacha alifungua mdomo. Chaki akamwahi.

"Sitini, daktari. Nimepiga hesabu mwenyewe."

Daktari akaandika sitini. Akaeleza, kwa heshima, kwa nini ameuliza. Kuna vidudu vinavyokaa kwenye matangi. Kwenye maji baridi vinalala, kwenye maji ya nyuzi sitini vinakufa kwa dakika chache, lakini kwenye maji ya vuguvugu vinazaana kwa furaha, na mtu akisimama kwenye matone ya bomba la mvua anavivuta mpaka mapafuni. Dawa za kawaida za nimonia havizisikii. Vina dawa zake, na kipimo chake kinapelekwa maabara ya mbali, na dawa hizo wodini zimebaki chache. Lakini kama maji ni sitini, basi siyo hayo. Tutumie hizi za kawaida, mzee, tutazame siku mbili tatu.

Chaki akashukuru. Akajisikia, Mungu amsamehe, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jumanne hali ikawa ileile. Jumatano ikawa mbaya, akawekewa mirija ya hewa puani. Jioni ya Jumatano, saa ya kutazama wagonjwa ikielekea kwisha, Mama Pacha aliamka, macho yake yametulia kuliko siku zote za homa, akamwashiria mumewe ainame. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Ile sitini uliyomwambia daktari," akasema, "uliiona wapi?"

Chaki akasema ipo kwenye tangi.

"Imeandikwa kwenye tangi. Nani aliyeiona?"

Akafumba macho. Na Chaki akabaki ameinama vile vile, mgongo unamuuma, mpaka mlinzi akaja kumwambia muda umekwisha.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri alikuwa ndani ya chumba cha pampu. Chumba kile kilikuwa na mita yake ya umeme, ya zamani, ya sahani inayozunguka, inayohesabu tangi peke yake. Ilikuwa pale siku zote. Haikuhitaji betri, haikuhitaji bajeti, haikuhitaji ufunguo wa Msimamizi. Ilihitaji mtu asimame mbele yake kwa saa moja. Chaki akaandika namba kwa chaki ukutani. Koili ya kilowati tisa ikiwaka saa nzima inakula yuniti tisa. Na kama maji yangekuwa yamekaribia sitini, muda si mrefu angesikia kidhibiti joto kikikata umeme, tak, kabla ya taima. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akatazama sahani. Ilikuwa inazunguka taratibu, taratibu, kama mtu anayekwenda kazini asikotaka.

Kidhibiti hakikulia. Saa kumi na mbili kamili taima ikakata. Akasoma namba mpya, akatoa ya zamani.

Yuniti tatu.

Alisoma tena, akatoa tena. Tatu kwa saa. Saa tatu ni tisa. Akaenda kwenye mgongo wa tangi, chini ya ile hesabu yake nzuri, akaipiga kinyumenyume: tisa mara mia nane na sitini, elfu saba mia saba na arobaini, gawa kwa lita mia tano, nyuzi kumi na tano na nusu. Ishirini na kumi na tano na nusu. Thelathini na tano na nusu. Ndivyo kipimo cha kwapa kilivyosema. Bafu zima lilikuwa limesikia jibu na kulicheka.

Akashusha breka, akafungua skrubu nne za kifuniko. Haikuchukua dakika mbili. Ndani koili zote tatu zilikuwa nzima, mpya, zinang'aa, za kilowati tatu kila moja, jumla tisa kama kibandiko kilivyosema. Lakini vile vipande vya shaba vinavyoziunganisha vilikuwa vimekaa vibaya. Koili za aina ile zinaweza kuungwa kwa namna mbili, mafundi wanaziita sta na delta. Kwenye delta kila koili inapata volti zote mia nne ilizotengenezewa. Kwenye sta, ncha za koili zote zinakutana pamoja katikati, na kila moja inapata mia mbili na thelathini tu. Na joto halipungui kwa nusu kama mtu angedhani, linabaki theluthi moja. Tisa inakuwa tatu. Akageuka kutazama breka ukutani, akaelewa na yaliyobaki. Ilikuwa ya ampia kumi. Koili zile zikiwa delta zinavuta kumi na tatu. Breka ndogo ilikuwa inaruka kwa haki yake kabisa, na mkandarasi, badala ya kurudi mjini kuleta kubwa, akamtuma mzee wake akalete ngazi, akahamisha shaba, akafunga kifuniko. Waya umelegea.

Chaki aliacha kila kitu vile vile, akafika hospitali akihema. Alimkuta daktari yule binti akiwa anamaliza zamu, akamshika mkono bila adabu, akamwambia siyo sitini, ni thelathini na tano, nilikosea, andika thelathini na tano. Daktari hakumlaumu. Alifunga jicho moja kama mtu aliyeingiwa na mchanga, halafu akaanza kwenda mbio. Dawa zikabadilishwa saa ileile, mkojo ukapelekwa maabara. Jumamosi jibu likarudi: ndivyo vyenyewe. Dawa zilikuwa sahihi toka Alhamisi, lakini siku tatu za mwanzo haziwezi kurudishwa kwenye mkono wa mtu kwa sindano. Jumapili ya tarehe ishirini, saa nane mchana, wakati Chaki ameenda kujaza chupa ya maji, Mama Pacha akafa.

Walimzika Jumanne. Bodi ilituma shada na kadi ambayo jina lilikosewa.

Kisha wakubwa wakaamka. Watu wa afya wakaja na vichupa, wakachota maji ya tangi, wakavikuta vidudu. Tangi likamwagwa, likaoshwa kwa dawa. Kikao kikafanyika ukumbi wa chakula, meza tatu zimeunganishwa. Chaki alivaa koti la mazishi, hakuwa na jingine. Mkandarasi hakuja, alituma barua kwamba kazi yake ilikaguliwa na kupokelewa. Msimamizi akatoa karatasi, akaisukuma mezani kwa kidole. Kilowati tisa. Nyuzi sitini. Fundi wa Makao, na saini yenye mkia mrefu aliyojifunza darasa la nne.

Chaki alieleza. Alieleza sta na delta, breka, ngazi. Alieleza betri na barua tatu, akaweka mezani na swali la mkewe. Mwenyekiti wa bodi akasikiliza akiwa ameegemeza shavu mkononi, kisha akauliza swali moja: wewe ulifungua kifuniko kabla ya kusaini? Chaki akasema hapana. Katibu akaandika hapana. Barua tatu za betri hakuandika.

Uamuzi ulikuwa kwamba mitambo isiguswe na mtu yeyote mpaka uchunguzi ukamilike. Kifuniko kikapigwa lakiri, shaba zikiwa ndani vile vile, zimekaa sta. Na kwa kuwa wazee ni lazima waoge, taima iongezwe, badala ya saa tatu iwe saa sita. Chaki akasimama bila kuruhusiwa. Akasema kwa kilowati tatu, yuniti ishirini na tatu zinataka saa nane kasoro robo. Saa sita zitafikisha maji hamsini na moja, na kwenye hamsini na moja hao wadudu labda hawazaani lakini hawafi upesi. Kwa nini isiwe nane? Mwenyekiti akajibu kwamba sita ni mara mbili ya tatu, na mara mbili inatosha kwa sasa. Saa nane zingevuka kiwango cha umeme kilichopitishwa.

Ni hivyo mpaka leo. Uchunguzi unaendelea. Mwogeshaji mpya ni mama mwenye watoto wadogo; Chaki alimwambia afunge kitambaa puani, akamwona amefunga siku mbili akaacha, joto la bafuni linamsumbua. Yeye mwenyewe ameachwa kazini, kwa kuwa kumfukuza kungekuwa kukiri kwamba kulikuwa na kosa. Anafagia chumba cha pampu kila asubuhi. Hesabu ya kwanza bado ipo kwenye bati, SAA 3 = 60, na chini yake ile ya pili. Msimamizi alimwamuru azifute zote mbili. Hajafuta.

Juzi alimsukuma Mwalimu mpaka pale, kwa ombi lake Mwalimu. Mzee akazisoma zote, polepole. Hakutoa alama mara hii. Akauliza ile sitini ilifika mpaka wapi, na Chaki akamhesabia kwa vidole: ilitoka kwenye chaki ikaenda kwenye karatasi ya mkandarasi, ikaenda kwenye ripoti ya Msimamizi, ikaenda kwenye faili la bodi, na moja, aliyoibeba kwa mdomo wake mwenyewe, ikaenda kwenye fomu ya daktari. Kote huko iliandikwa kwa mwandiko mzuri. Kote huko watu walisaini chini yake. Na swali alilouliza mwanamke mmoja, hewa ikiwa imebaki ya maneno machache, lililetwa mbele ya kikao, likaandikwa kwenye kumbukumbu, likaahirishwa mara mbili, na bado linakaa pale mezani kati ya vikombe vya chai vya wakubwa: hiyo sitini, nani aliiona?